UZI: Tarehe ya mwisho wa dunia ikipita, kwa nini waumini hawaondoki? Danieli 11, ng'ombe wa Waxhosa, Maji Maji na Kanungu

#1 Mwalimu wa Nkuhungu

Wakuu, habari za Dodoma na kwingineko.

Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita hapa mjini. Kila mwaka tukifika Vita vya Maji Maji lazima mwanafunzi anyooshe mkono aulize: watu wazima, wenye watoto na mashamba yao, waliaminije kwamba dawa ya maji itazuia risasi? Tangu habari za Shakahola kule Kilifi mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, swali hilo halina tena kicheko nyuma yake. Wapo wanafunzi wenye ndugu kwenye vikundi vinavyohubiri mwisho umefika. Jibu la "walikuwa wajinga" linaniumiza, na isitoshe si kweli. Nimeamua kuliandika hapa kwa kirefu.

Nianze na andiko, maana harakati nyingi za namna hii zimechota maji kwenye kisima kimoja, kitabu cha Danieli.

Fungueni sura ya 11. Ukiisoma mbio inachosha: mfalme wa kaskazini kampiga wa kusini, wa kusini kajibu, binti kaozwa, jeshi limeshindwa. Sasa iweke sambamba na historia ya wafalme waliogawana dola ya Aleksanda Mkuu baada ya kifo chake mwaka 323 KK. Wa kaskazini ni watawala wa Shamu, wa kusini ni watawala wa Misri. Binti anayeozwa kwa hila katika aya ya 17 ni Kleopatra, ambaye baba yake Antioko wa Tatu alimwoza kwa Ptolemi wa Tano wa Misri. Jemadari anayemkomesha mfalme huyo katika aya ya 18 ni Mrumi, na vita vyenyewe ni vya Magnesia, 190 KK. Aya ya 21 anaingia mtu wa kudharauliwa: Antioko wa Nne, aliyeshika ufalme 175 KK. Aya ya 30 anarudishwa kutoka Misri na merikebu za Kitimu, na kweli mwaka 168 KK mjumbe wa Roma alimwamuru atoke Misri naye akatoka. Aya ya 31 anakomesha sadaka ya kila siku na kuweka chukizo la uharibifu hekaluni Yerusalemu. Hapo tumefika mwishoni mwa 167 KK.

Mpaka hapo andiko linatembea na historia bega kwa bega. Endelea aya ya 40 hadi 45. Mfalme wa kaskazini anaivamia Misri tena, anabeba hazina zake, Walibia na Wakushi wanamfuata, kisha anapiga hema kati ya bahari na mlima mtakatifu, na hapo ndipo anafikia mwisho wake. Antioko hakuivamia Misri tena. Alikwenda mashariki kutafuta fedha, akafia Uajemi mwaka 164 KK, mbali kabisa na Yerusalemu.

Usahihi unapokatika ndipo mwandishi alipokuwa amekaa na kalamu yake. Alijua lililotokea hadi hekalu kuchafuliwa, hakujua mfalme atafia wapi. Kwa hiyo wasomi wengi wanaiweka sura hii kati ya 167 na 164 KK, ingawa mwenye kuona maono ndani ya kitabu ni mtu wa zama za Babeli, karne nne nyuma. Hoja hii si ya leo. Mwanafalsafa Porfiri aliitoa karne ya 3 BK, na Jeromu akamjibu kwa kirefu. Angalieni pia mwisho wa kitabu: Danieli anaambiwa ayafunge maneno na kuyatia muhuri hadi wakati wa mwisho. Hiyo inamweleza msomaji wa kwanza kwa nini maono ya kale namna ile yamemfikia siku zile tu.

Mambo mawili nawaomba myashike. La kwanza, aliyeandika hakuwa maskini wa kutupwa. Aya ya 33 inawataja "wenye hekima" wanaowafundisha wengi na kuanguka kwa upanga na kwa moto. Ni watu wa vitabu, waliozoea kuheshimiwa, na ghafla utawala umewageuka. La pili, hawaambii watu wauze mashamba wala wachinje mifugo. Wanaambiwa wavumilie. Na hata hapo tarehe inasumbua: sura ya 12 aya ya 11 inatoa siku 1,290, halafu aya inayofuata inasema heri angojaye afikilie siku 1,335. Wengi wanaona hesabu ya pili iliongezwa baada ya ile ya kwanza kupita.

Hizo siku 45 za nyongeza ndizo zilizonifanya nianzishe uzi huu. Tarehe ilipita, na watu walibaki.

#2 Chamwino Asilia

Mwalimu umeandika vizuri ila unazunguka. Haya mambo yote chanzo chake ni njaa na umaskini. Mtu akishiba hasikilizi nabii. Angalia ramani, vikundi hivi viko wapi? Kwenye dhiki. Toa umaskini, yanaisha.

#3 Mwalimu wa Nkuhungu

Chamwino, umegusa nusu ya jambo. Dhiki ipo karibu kila mahali nitakapotaja, lakini dhiki yenyewe ina sura. Hebu tuangalie Waxhosa wa kusini mwa Afrika, 1856 hadi 1857, kwa sababu wao hawakuwa maskini. Walikuwa wafugaji wenye ng'ombe wengi, na msiba uliingia kwenye ng'ombe hao hao.

Mwaka 1853 meli ilishusha madume kutoka Uholanzi bandari ya Mossel Bay, na homa ya mapafu ya ng'ombe ikashuka nayo. Kufikia 1855 ilikuwa imeingia nchi ya Waxhosa. Chifu Phatho, aliyekuwa na ng'ombe wapatao 2,500, alibaki na wachache sana. Haya yalikuja juu ya kidonda kibichi, kwani walikuwa wametoka kupigana na Waingereza 1850 hadi 1853, wakashindwa na kupoteza ardhi.

Mwaka 1856, karibu na mlango wa mto Gxarha, binti wa umri wa miaka kama 15 anayeitwa Nongqawuse alisema amekutana na wageni wawili waliojitambulisha kuwa watu waliokufa zamani. Ujumbe ulikuwa huu: ng'ombe waliopo wamenajisika kwa uchawi, wachinjwe wote. Msilime, nafaka iliyopo itupwe. Jengeni nyumba mpya, chimbeni mashimo mapya ya nafaka, andaeni mazizi makubwa, kwa maana wafu watafufuka na kuja na ng'ombe wazima. Mjomba wake, Mhlakaza, akawa msemaji. Mfalme Sarhili akaenda mwenyewe kuona, akarudi ameamini, akaanza kuchinja ng'ombe wake.

#4 Daktari wa Mifugo, Mpwapwa

Niingilie kidogo, hapa ni kwenye fani yangu.

Homa ya mapafu anayeijua ni mfugaji aliyeiona. Ng'ombe anasimama peke yake, shingo kainyoosha mbele, viwiko kavipanua nje kama anayetafuta nafasi kifuani, anakohoa kikohozi kifupi na anakoroma akitoa pumzi. Ukimpasua, pafu limegandamana na mbavu, kifua kimejaa maji ya manjano. Ubaya wake ni kwamba anayepona anaweza kuubeba ugonjwa ndani kwa miezi bila dalili, ukamchanganya na wenzake ukidhani mzima, kundi zima likaanza upya.

Kwa hiyo mtu akisema "ng'ombe hawa wanaoonekana wazima nao wameharibika", kwa macho ya mfugaji wa 1856 hajasema upuuzi. Botswana mwaka 1996, kwa amri ya serikali na ushauri wa wataalamu, iliteketeza ng'ombe wapatao 320,000 eneo la Ngamiland ili kuumaliza ugonjwa huo huo. Tofauti ni kwamba wale walilipwa fidia na hakuna aliyewaambia watupe nafaka.

#5 Mwalimu wa Nkuhungu

Daktari, asante sana, hilo nitalipeleka darasani kesho. Mara nyingi ndani ya unabii unakuta kitu ambacho watu wameshakiona kwa macho. Ng'ombe wao walikuwa wanaoza wakiwa hai.

Hata ngao ya kisiasa walikuwa nayo. Gavana wa zamani wa Koloni la Rasi, Cathcart, aliyekuwa amewapiga, aliuawa na Warusi vita vya Krimea mwaka 1854. Habari zikafika. Watu wakaweka walinzi vilimani kutazama bahari, wakiamini Warusi ni jeshi la watu weusi waliokufa vitani, na wako njiani.

Sasa njooni kwenye tarehe. Mwezi mpevu wa kwanza uliotajwa ulipita bila kitu. Maelezo yakatoka: wapo waliouza ng'ombe badala ya kuchinja. Wakachinja zaidi. Tarehe nyingine ikapita. Maelezo: wapo wasioamini, wamebakiza ng'ombe, hao ndio wanaozuia wafu. Nchi ikagawanyika, ndugu na ndugu, mume na mke, walioamini na waliokataa. Februari 18, 1857, watu walijifungia nyumbani kusubiri jua lichomoze jekundu kama damu. Lilichomoza kama siku zote, likazama.

Inakadiriwa ng'ombe 400,000 walichinjwa na watu 40,000 walikufa kwa njaa. Makumi ya maelfu wengine waliingia kwenye koloni kutafuta kazi kwa walowezi, na gavana George Grey akautumia msiba huo kuchukua ardhi na vibarua.

Chamwino, angalia utaratibu wenyewe. Aliyechinja ng'ombe 5 kati ya 20 siku ya kwanza ikapita, ana njia mbili. Akubali kwamba 5 wale wamekufa bure, au achinje 5 wengine ili wale wa kwanza wawe na maana. Kila tarehe iliyopita iliongeza gharama ya kukubali. Na maelezo ya "wasioamini ndio wanaotuchelewesha" hayawezi kupimwa, kwa sababu daima yupo asiyeamini.

Ndiyo maana siku hizi, nikisikia habari ya kikundi, kwanza nauliza wanadai nini na kinachodaiwa kinarudishika au hakirudishiki. Tarehe yao naiuliza baadaye.

#6 Mama Nyemo

Mwalimu, naomba utuwekee jedwali tuyaone kwa pamoja. Nasoma kwenye daladala, majina yananichanganya.

#7 Mwalimu wa Nkuhungu

Hili hapa, mama. Nimeongeza Wamarekani wa 1844, Maji Maji na Kanungu, ambayo bado sijaieleza.

| Tukio | Kidonda kilichotangulia | Nani alisema | Wafuasi walitakiwa nini | Siku ilipopita |
|---|---|---|---|---|
| Danieli 7–12, 167–164 KK | Hekalu kuchafuliwa, dini ya mababu kupigwa marufuku | Wasomi wasiojitaja, chini ya jina la mtu wa kale | Kuvumilia, hata kufa, bila kuiacha sheria | Hesabu ya siku ikaongezwa, kitabu kikasomwa upya |
| Waxhosa, 1856–57 | Kushindwa vitani, ardhi kupotea, homa ya mapafu | Binti Nongqawuse, mjomba wake, kisha mfalme | Kuchinja ng'ombe wote, kutolima | Lawama kwa wasioamini, kuchinja zaidi, njaa |
| Wafuasi wa Miller, Marekani, 1843–44 | Hakuna msiba mmoja. Uamsho wa dini na mtikisiko wa uchumi wa 1837 | Mkulima aliyejisomea Biblia | Kutubu, kuhubiri. Baadhi waliacha mazao shambani | Wengi waliondoka, wachache wakaisoma tarehe upya |
| Maji Maji, 1905–07 | Pamba ya lazima, kodi, viboko | Kinjikitile wa Ngarambe | Kunywa dawa, kushika miiko, kungoja ishara | Miiko imevunjwa. Vita vikaendelea pengine |
| Kanungu, Uganda, 1999–2000 | Ukimwi, kumbukumbu za vita, mgogoro na kanisa | Viongozi wachache waliosema wametokewa na Bikira Maria | Kuuza mali, kukaa kimya, kuishi kambini | Moto wa Machi 17, 2000 |

Safu ya nne isomeni mara mbili.

Kwa Kanungu nitasema kwa kifupi kwa sababu inatisha na bado inabishaniwa. Mwisho ulitangazwa kuwa Desemba 31, 1999. Ulipita. Machi 17, 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, na mwanzoni ikadhaniwa wamejiua wenyewe. Baadaye ikafukuliwa miili mingine kwenye mashimo katika nyumba za kundi hilo, ya watu waliokufa kabla ya moto, ndipo mamlaka zikaanza kuzungumzia mauaji. Wapo wanaosema waumini walikuwa wameanza kudai mali zao baada ya tarehe kupita.

#8 Msabato wa Hombolo

Mwalimu, nimesoma kwa utulivu na nakuheshimu, lakini sina budi kusema. Sisi ni watoto wa 1844 na hatulifichi.

William Miller hakuwa tapeli. Alikuwa mkulima wa jimbo la New York, aliwahi kuiacha imani kisha akairudia, akasoma Danieli 8:14, siku 2,300 hadi patakatifu patakaswe. Siku moja akaihesabu mwaka mmoja. Akaanzia amri ya mfalme Artashasta, 457 KK, na kwa kuwa hakuna mwaka wa sifuri hesabu inaishia 1844. Tarehe ya Oktoba 22 waliitoa wenzake, yeye aliikubali mwishoni kabisa. Siku ilipita, watu walilia usiku kucha.

Wazee wetu husimulia habari ya mkulima mmoja wa New Hampshire aliyeacha viazi vyake ardhini kwa imani. Vya majirani vilichimbwa mapema vikaoza kwa ugonjwa wa mwaka ule, vyake alivichimba Novemba vikiwa vizima, watu wakaja kununua mbegu kwake.

Waliobaki walirudi kwenye Maandiko wakaona tukio lilikuwa sahihi ila mahali palikosewa: patakatifu ni pa mbinguni. Kanisa likaundwa 1863, na halijaweka tarehe nyingine tangu hapo. Tuna shule na hospitali. Sasa kutuweka jedwali moja na Kanungu, mwalimu, inauma.

Na kuhusu Danieli 11:40, sisi tunasoma kwamba hapo andiko limeruka hadi wakati wa mwisho wenyewe. Aya yenyewe inaanza kwa maneno hayo. Kwa hiyo hujathibitisha kwamba nabii alikosea.

#9 Mwalimu wa Nkuhungu

Ndugu yangu, jedwali halihukumu imani ya mtu. Nimewaweka pale makusudi ili ionekane kwamba tarehe kupita peke yake haileti maangamizi. Wafuasi wa Miller walihuzunika, wakadhihakiwa, wakaenda nyumbani kwa sababu nyumba zilikuwepo. Wengi walikuwa bado na shamba la kurudia. Na kutoweka tarehe tena ni uamuzi uliolinda watu, nakubaliana nawe kwa moyo wote.

Kuhusu aya ya 40 tutatofautiana. Mimi naona mfalme wa aya ya 39 na wa aya ya 40 ni yule yule. Aya inasema mfalme wa kusini atashindana "naye", na kabla ya hapo hakuna mwingine aliyetajwa. Wewe unaona maneno "wakati wa mwisho" yanafungua ukurasa mpya. Mwenye kusoma afungue sura aangalie mwenyewe.

#10 Kijana wa Majengo

Wakuu nimechelewa. Kwa hiyo mwisho ni lini hasa? Na hiki kitambulisho chenye namba tunachopewa, si ndiyo ile 666 ya Ufunuo 13? Kuna mchungaji katwambia tusikichukue.

#11 Mama Nyemo

Mwanangu, hakuna aliyetaja tarehe hapa. Chukua kitambulisho, utakihitaji hata kusajili laini.

#12 Mwalimu wa Nkuhungu

Kijana, 666 ina maelezo ya zamani sana. Kiebrania herufi ni namba pia. Andika "Neron Kaisar" kwa herufi zao: 50, 200, 6, 50, halafu 100, 60, 200. Jumlisha. Sasa zipo nakala za kale za Ufunuo zilizoandika 616 badala ya 666. Ukiandika jina hilo kwa namna ya Kilatini, bila ile "n" ya mwisho, unapunguza 50 na unapata 616. Wasomaji wa kwanza, makanisa madogo ya Asia chini ya Roma, walikuwa wanaambiwa habari za Nero, kaisari aliyewatesa Wakristo.

#13 Mzee wa Ilazo

Vijana, nimewasoma wote. Mimi naishi Dodoma tangu makao makuu yalipoanza kuhamia, lakini babu yangu mzaa mama ni Mmatumbi. Mwalimu, safu ya Maji Maji naipinga.

Wazee hawakukaa kusubiri dunia iishe. Tangu 1902 walilazimishwa kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, chini ya maakida na viboko, huku mashamba yao ya chakula yanaota majani. Habari za Ngarambe zilienezwa kwa kunong'onezana, kule tuliita njwiywila. Watu walikwenda kwa makundi kuchukua dawa. Na Kinjikitile aliwaambia waendelee kulima na kungoja ishara yake. Ishara haikutoka. Ni Wamatumbi wa Nandete waliochoka kungoja, mwezi Julai 1905 wakang'oa pamba ya Mjerumani, hiyo ndiyo ikawa kutangaza vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti 4, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Maji yaliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja. Hiyo ni siasa na ni vita ya haki. Kuiweka karibu na mtu aliyefungia watu ndani ya nyumba ni kuidhalilisha.

#14 Mwalimu wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Nimefurahi umeingia.

Kuhusu haki ya vita ile sina ubishi hata kidogo. Nilichokitazama ni kitu kimoja. Agosti 30, 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakakutana na bombomu. Dawa ilishindwa mbele ya macho ya kila mtu. Baada ya hapo baadhi walieleza kwamba miiko ilivunjwa: fulani alilala na mkewe, fulani alipora. Hayo ni maelezo ya aina moja na ya Waxhosa, kwamba kosa liko kwetu na ahadi iko palepale. Na vita vikaendelea hadi 1907, Wajerumani wakachoma vyakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000, mengine yanafika 300,000.

#15 Mzee wa Ilazo

Marahaba. Hilo la miiko ni kweli, hata sisi tulisimuliwa. Lakini Mxhosa alipimwa na tarehe, Mmatumbi alipimwa na risasi siku ile ile. Na baada ya Mahenge wengi walipigana wakijua wazi dawa haifanyi kazi, wakajificha porini wakavizia. Mtu anayepigana bila kuiamini dawa si mtu wa kungoja mwisho wa dunia. Mimi ningeiondoa kwenye jedwali.

#16 Chamwino Asilia

Mzee ana hoja. Na mimi narudi kwenye umaskini wangu nikiwa nimepunguza. Naona sasa si kukosa tu, ni kunyang'anywa ulichokuwa nacho.

#17 Binti wa Kongwa

Samahani kuingia na la kwangu. Mama mdogo wangu yuko Kongwa, mjane. Tangu mwaka juzi anasali kwenye kikundi kidogo, wanakutana nyumbani kwa kiongozi wao. Mwanzoni ilikuwa maombi tu. Mumewe alipofariki, hao ndio waliokuja kukaa naye, sisi wa mjini tulikwenda mazishi tukarudi. Sasa ameuza mbuzi wote, watoto wawili amewatoa shule kwa kuwa "muda hautoshi", na juzi anauliza bei ya shamba. Tarehe hawasemi. Tukiongea naye anasema sisi ndio tunaochelewesha baraka. Nimesoma hapo juu kuhusu Waxhosa nikatetemeka. Nifanye nini?

#18 Msabato wa Hombolo

Dada, hata sisi tunaoungoja ujio wa Bwana tunapeleka watoto shule. Mwambie hivyo kutoka kwangu.

#19 Mwalimu wa Nkuhungu

Dada, nitasema ninavyoona, wewe unamjua zaidi.

Usianze na mafundisho yao. Ukibishana aya kwa aya utashindwa, kwa sababu yeye anazisoma kila siku na wewe mara moja kwa wiki, na kila hoja yako itamthibitishia kwamba wewe ndiye yule asiyeamini waliyemwonya. Anza na vitu visivyorudishika, kwa mpangilio wa uzito. Kama kuna habari ya kufunga chakula kwa siku nyingi, hasa watoto, usingoje mtu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, ofisi ya ustawi wa jamii na polisi siku hiyo hiyo. Watoto kutolewa shule nalo ni la kumpelekea mtendaji. Shamba ni la tatu: kama lilikuwa la marehemu, watoto wana haki na halipaswi kuuzwa kabla mirathi haijafunguliwa mahakama ya mwanzo na msimamizi kuteuliwa. Ukoo ukae mapema.

Mbuzi wameshakwenda, usimkumbushe. Kila ukimtajia mbuzi unampa sababu ya kuuza na shamba ili mbuzi wasiwe wamekwenda bure. Aione nyumba yenu iko wazi, asidaiwe maelezo akirudi.

#20 Daktari wa Mifugo, Mpwapwa

Na aende mtu akakae, asiishie kupiga simu. Umesema mwenyewe nani alikuwepo baada ya msiba.

#21 Binti wa Kongwa

Umenichoma daktari, lakini ni kweli. Dada yangu mkubwa anaondoka Jumamosi, atakaa mpaka mavuno. Shamba ni la marehemu, hati ya kijiji iko kwa baba mkubwa. Mtendaji nitampigia leo.

#22 Mzabibu wa Makutupora

Mwalimu, kuna kitu kinanisumbua toka juzi. Bibi zetu wametusimulia Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita Ugogo, kila jeshi likabeba ng'ombe na nafaka, vijana wakachukuliwa upagazi, mvua zikakata, na homa kali ya mafua ikaja juu yake. Kunyang'anywa kupo, mifugo ipo, kushindwa kupo. Vigezo vyako vyote vimetimia. Mbona hatusikii Nongqawuse wa Kigogo?

#23 Mwalimu wa Nkuhungu

Hili ndilo swali bora la uzi mzima, na halina jibu rahisi.

Nina dhana mbili tu. Ya kwanza ni kwamba Mgogo alikuwa na utaratibu wa kuhama. Nchi hii ya mvua chache ilishafundisha watu kwenda kwa watani na wakwe wa mbali kubadilisha mifugo kwa nafaka, na wakati wa Mtunya wengi walitawanyika. Unabii wa Waxhosa ulihitaji watu wakae mahali pamoja, wasikie habari ileile, watazamane nani amechinja na nani hajachinja. Ya pili ni mamlaka. Kule mfalme mmoja mkubwa aliamini, na neno lake likafika mbali. Huku mvua ilikuwa ya mtemi wa eneo lake, na ukame ulielezwa kwa eneo hilo: mtemi huyu amekosea, tambiko hili halikufanyika. Lawama iliishia karibu, haikupanda kuwa dunia nzima imeharibika.

Lakini inawezekana pia alikuwepo na hakuandikwa. Waxhosa walikuwa na wamisionari na maofisa wengi waliokuwa wakiandika barua kila wiki. Ugogo mwaka 1919 nani alikuwa anaandika?

#24 Mzee wa Ilazo

Hiyo dhana ya pili ingefanya kazi Umatumbi pia, hatukuwa na mfalme mmoja. Na bado maji yalifika hadi kwa Wangoni. Fikiri tena, mwalimu.

#25 Mzabibu wa Makutupora

Nakubaliana na mzee, dhana ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Upande wa Mvumi kuna bibi mmoja wa ukoo wetu ambaye mama yake aliiona Mtunya akiwa msichana. Nitamuuliza kama kuna mtu aliyesimama kutabiri. Na wengine wenye wazee Bahi, Chilonwa na Kongwa waulizeni hilo hilo: jina la kijiji, aliyesema ni nani, aliwataka watu wafanye nini. Wekeni hapa hapa.